Barua ya mwaliko wa Uingereza: mwenyeji aandike nini, na ofisa wa visa anatafuta nini ndani yake

*"Habari za kazi, mwanangu. Mimi ni mkulima wa zabibu katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Binti yangu ni nesi Uingereza, anaishi huko na mumewe kwa visa ya kazi. Alijifungua Novemba na atarudi kazini katikati ya Julai. Anataka niende Mei, nikae miezi sita nimlelee mtoto ili wasilipe kituo cha kulelea watoto. Ameniandikia barua ya mwaliko ya mistari minne. Jirani yangu, ambaye mwanawe yuko Ulaya, anasema barua isiyo na muhuri wa wakili haisomwi, na kwamba nikope kwenye kikoba niweke milioni kumi benki ili waone nina uwezo. Mapato yangu ni ya msimu, na mengine napokea kwa simu. Mume wangu na mtoto wetu wa mwisho, aliye kidato cha tatu, watabaki nyumbani. Binti aandike nini hasa, na hao watu wa visa wanaangalia nini?"*

Shikamoo, Mama. Naomba nianze na jambo ambalo wewe hukuliona kuwa tatizo, kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa kuliko muhuri na kuliko akiba ya benki: ile nia ya kukaa miezi sita ukilea mtoto ili wazazi wake wasilipe kituo.

Visa unayoiomba ni ya mgeni wa kawaida. Ni kweli kwamba inaruhusu kukaa hadi miezi sita, lakini hairuhusu kufanya kazi, na kwa sheria za Uingereza kazi haipimwi kwa mshahara peke yake. Mwongozo wanaoutumia maofisa unakubali kabisa kwamba bibi anaweza kwenda kumwona mjukuu, kumbeba, kumwogesha na kukaa naye mama yake anapotoka kwenda dukani. Usichokubali ni bibi kuchukua nafasi ya mlezi wa kuajiriwa, hata kama halipwi senti. Ndiyo maana ziara ya namna hii hutakiwa iwe fupi, na iwe ziara kweli. Barua inayosema "mama atakaa miezi sita kumlea mtoto ili nirudi kazini" inampa ofisa sababu ya kukunyima visa iliyoandikwa na mwenyeji mwenyewe na kutiwa sahihi yake.

Najua binti hakuwa na nia mbaya, maana kwetu mama kwenda kumsaidia mwanawe aliyejifungua ni desturi isiyohitaji maelezo. Hata hivyo sikushauri mfute sentensi hiyo kwenye barua mkabaki na mpango uleule kichwani. Kusema uongo katika maombi, au kuficha jambo la msingi, kukigundulika kunaweza kukufungia mlango wa Uingereza kwa miaka kumi. Kinachotakiwa kubadilika ni mpango wenyewe, kisha barua ieleze mpango huo mpya kama ulivyo.

Tuchukue mfano unaolingana na hali yako. Umesema binti anarudi kazini katikati ya Julai. Wewe, kama wakulima wengi wa zabibu wa Dodoma, una mavuno mawili kwa mwaka, na tuchukulie kwamba baada ya kupogoa mwezi Aprili una nafasi hadi mavuno ya Agosti yakaribie. Basi ziara ya wiki saba, kuanzia tarehe 12 Mei hadi tarehe 30 Juni, inaingia vizuri katika maisha ya pande zote mbili. Wakati huo binti bado yuko kwenye likizo ya uzazi, kwa hiyo mwangalizi wa mtoto ni yeye mwenyewe na wewe ni mgeni wake. Unaondoka kabla hajarudi kazini, na unafika shambani kabla ya mavuno. Binti na mumewe waandikishe mtoto katika kituo kuanzia Julai, na uthibitisho wa nafasi hiyo uambatanishwe na barua. Karatasi hiyo moja ya kituo ina uzito kuliko aya nzima ya kuapa kwamba hutafanya kazi, kwa sababu inaonyesha nani atakayemlea mtoto utakapokuwa umerudi Chamwino.

Sasa nieleze anayesoma barua hiyo ni nani. Watu wengi hudhani maombi huamuliwa na yule anayekupokea Dar es Salaam. Ukifika kwenye kituo cha kupokea maombi utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na wahudumu wa pale hawana mamlaka ya kukupa wala kukunyima visa. Fomu yako uliyojaza mtandaoni, pamoja na nakala za nyaraka, hupelekwa kwa ofisa ambaye mara nyingi hatakuona wala kukupigia simu. Hutakuwa na nafasi ya kumfafanulia kwamba mistari minne ya binti ilikuwa na maana hii au ile. Kisichokuwa kwenye karatasi, kwake hakipo.

Ofisa huyo anaongozwa na kanuni za wageni, na kifungu kinachobeba mzigo mkubwa kinajulikana kama V 4.2. Kwa lugha nyepesi, anatakiwa aridhike kwamba utaondoka Uingereza mwisho wa ziara. Kwamba hutageuza ziara za kurudiarudia kuwa makazi. Kwamba sababu ya safari ni ya kweli na ni miongoni mwa zinazoruhusiwa. Kwamba hutafanya mambo yaliyokatazwa, ikiwemo kazi. Na kwamba kuna fedha za kutosha kugharimia safari yote, pamoja na kurudi, bila wewe kufanya kazi wala kutegemea misaada ya serikali. Fedha zikitoka kwa mtu mwingine, kama binti yako, yanaongezeka maswali matatu: je, uhusiano wenu ni wa kweli, je, yeye mwenyewe yuko nchini humo kihalali, na je, anaweza, na kweli atakulipia kwa muda wote wa ziara?

Ukiyatazama vizuri maswali hayo, utaona barua ya mwaliko inaweza kujibu baadhi tu. Inasaidia sana kwenye sababu ya safari, mahali pa kulala, uhusiano na fedha za mwenyeji. Kwenye swali la kwanza, la kwamba utarudi, barua ya binti haina nguvu kubwa, hata akiandika mara kumi kwamba anakuhakikishia kurudi. Yeye hana uwezo wa kisheria wa kukurudisha, na ofisa anajua hivyo. Jibu la swali hilo linatoka kwako, hapa Chamwino, na nitalifikia baada ya kumalizana na barua.

Kuhusu muhuri wa wakili, jirani yako hajakuambia uongo wa makusudi, ila amechanganya nchi. Ulaya zipo nchi ambazo mwaliko ni hati rasmi. Ujerumani, mwenyeji anayebeba gharama za mgeni huenda kwenye ofisi ya wageni ya mji wake na kusaini dhamana inayomfunga kisheria, hata serikali inaweza kumdai gharama zilizosababishwa na mgeni wake. Ufaransa, cheti cha kumpokea mgeni hutolewa na ofisi ya meya. Kule barua ya kawaida haiwezi kushika nafasi ya hati hizo. Uingereza haina hati kama hiyo kwa mgeni wa kawaida, wala hailazimishi barua ya mwaliko; mwenyeji anaandika mwenyewe, anasaini na kuweka tarehe, basi. Muhuri wa wakili unathibitisha tu kwamba mtu fulani alisaini mbele yake, jambo ambalo ofisa hakuwa analitilia shaka. Ukiulipia, umepoteza fedha, ingawa hautakudhuru.

Barua yenyewe iandikwe kwa Kiingereza, isizidi kurasa mbili, na ikae kwenye mambo yanayoweza kuthibitishwa. Mwanzoni binti ajitambulishe: jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, anwani, simu, kazi yake na mwajiri wake, aina ya visa aliyonayo na tarehe inapoisha. Hapa pana jambo ambalo wengi bado hawajalizoea. Zile kadi za ukaazi walizokuwa wakibeba wahamiaji zilifikia ukomo wake mwisho wa mwaka 2024, na hali ya uhamiaji sasa huthibitishwa kwa eVisa, yaani rekodi ya mtandaoni. Nakala ya kadi ya zamani haitoshi. Binti aingie kwenye akaunti yake ya gov.uk, achapishe ukurasa unaoonyesha hali yake, na anaweza pia kutoa ile namba ya muda inayoitwa share code. Namba hiyo hudumu siku 90, kwa hiyo aitoe karibu na siku ya kutuma maombi, isije ikafa kabla faili halijasomwa. Aambatanishe pia nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha.

Kisha akutambulishe wewe: jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, anwani, na uhusiano wenu. Aseme wazi, "ni mama yangu mzazi", na cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako kiambatane. Kama ameanza kutumia jina la mumewe, cheti cha ndoa kiwepo ili mnyororo wa majina usikatike. Baada ya hapo aeleze sababu ya safari kwa tarehe kamili, nani anaishi ndani ya nyumba, wewe utalala wapi, na nani atalipa nini kwa kiasi gani. Ningependa sehemu ya katikati ya barua isomeke namna hii, ikishatafsiriwa kwa Kiingereza kilicho sahili:

*"Ninamwalika mama yangu kututembelea kuanzia tarehe 12 Mei hadi tarehe 30 Juni, ili amwone mjukuu wake aliyezaliwa Novemba, ambaye hajapata kumwona. Katika kipindi chote hicho nitakuwa kwenye likizo ya uzazi na nitakuwa nyumbani na mtoto. Nitarudi kazini katikati ya Julai, na mtoto ana nafasi katika kituo cha kulelea watoto kuanzia mwezi huo, uthibitisho umeambatanishwa. Mama atalala katika chumba cha pili cha nyumba tunayopanga. Mimi na mume wangu tutalipa tiketi ya kwenda na kurudi, pauni 950, na tumetenga pauni 100 kwa wiki kwa chakula na usafiri wake, jumla pauni 700 kwa wiki saba. Mama atakuja na fedha zake za matumizi madogo."*

Kiasi hicho ni cha mfano. Waweke cha kwao. Angalia lakini jinsi kila sentensi ilivyo na karatasi inayoisimamia. Chumba cha pili kinasimamiwa na mkataba wa pango, na ingefaa pia mwenye nyumba aandike mistari miwili kwamba hana pingamizi la mgeni. Likizo ya uzazi inasimamiwa na barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kuanza na ya kurudi kazini.

Barua hiyo ya mwajiri ina faida ya pili. Mtu akiwa kwenye likizo ndefu ya uzazi huko, malipo yake hushuka kwa hatua, na ikifika mwezi wa sita au wa saba wa likizo huenda akawa anapokea sehemu ndogo tu ya mshahara aliouzoea. Ofisa akifungua hati zake za mshahara, zile salari slipu, ataona nesi ambaye malipo yake yameporomoka, kisha ataona barua inayoahidi pauni 1,650. Asipopewa maelezo, swali lake la "je, anaweza?" litapata jibu baya. Kwa hiyo barua isiikwepe hesabu. Tuseme mume wake analeta nyumbani pauni 1,950 kwa mwezi na malipo ya uzazi ni pauni 800, jumla 2,750. Pango ni 1,050, kodi ya halmashauri pamoja na umeme na gesi ni 380, chakula na usafiri ni 620, jumla 2,050. Wanabaki na pauni 700 kila mwezi. Gharama zako za pauni 100 kwa wiki ni kama 430 kwa mwezi, zinaingia humo na kubaki nafasi. Tiketi inatoka kwenye akiba. Ikiwa taarifa za benki za miezi sita zinaonyesha akiba hiyo ikikua taratibu, swali limekwisha. Na kwa kuwa mume ndiye anayebeba sehemu kubwa wakati huu, naye aisaini barua na kuweka hati zake.

Sasa niseme juu ya milioni kumi za kikoba. Tafadhali usizikope. Ofisa haangalii salio la mwisho peke yake. Anaangalia fedha ilivyoingia. Akaunti ambayo kwa miezi mitano ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya laki mbili na laki sita, kisha ghafla ikapokea milioni kumi siku chache kabla ya maombi, inamwambia jambo moja tu: fedha hii si yake, imewekwa ili ionekane. Hapo hata yale ya kweli uliyoandika yanaanza kutiliwa shaka. Isitoshe, kwa mpango huu binti na mumewe ndio wanaolipa, kwa hiyo wewe hudaiwi kuwa na fedha nyingi. Unadaiwa kuonyesha kwamba una maisha yanayoeleweka.

Mapato ya msimu hayakatazwi, ila lazima yaelezwe, kwa sababu fomu inauliza unapata kiasi gani kwa mwezi, na mkulima akijibu kwa kubahatisha huishia kwenye namba ambayo hakuna karatasi inayoiunga mkono. Chukua misimu miwili iliyopita. Ikiwa kila mavuno yalikuletea milioni nne, kwa mwaka ni milioni nane. Toa milioni tatu za dawa, mbolea, vibarua na maji, unabaki na milioni tano, ambazo ukizigawa kwa miezi 12 ni kama shilingi 416,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, na pale penye nafasi ya maelezo ya ziada useme kwamba ni wastani wa mavuno mawili ya mwaka. Kisha weka stakabadhi za AMCOS au za mnunuzi wako zenye tarehe na kilo. Omba taarifa ya miezi sita au zaidi ya miamala ya simu kutoka kwa mtandao wako, na taarifa ya benki hata kama salio ni dogo. Malipo ya mnunuzi yanayoonekana kwenye simu tarehe ileile ya stakabadhi ni ushahidi mzuri sana. Chora mstari chini ya miamala hiyo ili msomaji asiitafute.

Stakabadhi hizo hizo ndizo zinazoanza kujibu swali la kurudi. Hakuna karatasi moja inayothibitisha kwamba mtu atarudi. Ofisa hupima maisha yote kwa pamoja. Upande wako una mume anayebaki, mtoto wa kidato cha tatu, na shamba la mizabibu linalokuhitaji Agosti. Weka cheti cha ndoa, barua ya shule ya mtoto, na hati miliki ya kimila ya shamba kama mnayo. Kama hamna hati, Afisa Mtendaji wa Kijiji anaweza kuandika barua inayotaja shamba, ukubwa wake, na muda mliolimiliki. Mwombe aandike mambo hayo mahususi. Ile barua ya kawaida ya utambulisho, inayosema "ni mkazi mwema wa kijiji hiki, apewe ushirikiano", haimsaidii ofisa kwa lolote. Ukishapata barua hiyo, kumbuka kwamba karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili pekee lazima iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano yake. BAKITA wanatoa huduma ya tafsiri, na hiyo ndiyo njia isiyo na maswali.

Nikiri kwamba kuna watu ambao upande huu wa kurudi huwa mgumu hata wakiwa wakweli kabisa: mjane ambaye watoto wote wako nje, au kijana asiye na kazi wala familia. Wewe si miongoni mwao. Kitu ambacho kingeweza kukudhoofisha ni kwamba hujawahi kusafiri nje ya nchi, kama ndivyo ilivyo. Hiyo si kosa, na usijaribu kuifunika. Kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza, ziara ya wiki saba inaaminika kwa urahisi zaidi kuliko ya miezi sita, hasa pale ambapo miezi sita ingekufanya ukose mavuno. Ofisa makini atajiuliza: kama anaweza kuacha shamba miezi sita, je, shamba hilo linamfunga kweli?

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote halimo ndani ya barua peke yake, liko kati ya barua na fomu. Binti anaandika barua wiki mbili kabla. Wewe, au kijana wa stationari anayekujazia fomu Dodoma mjini, anajaza kwa haraka. Barua inasema wiki saba, fomu inasema miezi mitatu. Barua inasema tiketi ni ya binti, fomu inasema unajilipia mwenyewe. Barua inasema nyumbani wako watatu, mkataba wa pango una majina ya watu wanne kwa sababu kuna mpangaji mwenza aliyesahaulika. Kila tofauti ni ndogo, lakini ofisa asiyekujua hana njia ya kutofautisha kusahau na kudanganya. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, mpigie binti simu, naye ashike barua yake, wewe ushike fomu, msomeane tarehe, kiasi cha fedha, anwani na majina, kimoja baada ya kingine. Kama mtu mwingine anakujazia, hakikisha unaelewa kila jibu, kwa kuwa tamko la mwisho ni lako wewe, si la aliyejaza.

Kuhusu muda, unaweza kuomba mapema hadi miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo kwa safari ya tarehe 12 Mei usitume kabla ya tarehe 12 Februari. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole, ila huweza kuchelewa, na mapema Machi ni wakati mzuri. Ada ya visa ya miezi sita ilipandishwa Aprili 2025 ikawa pauni 127. Viwango hivi hubadilika, basi angalieni kiasi kinachoonekana kwenye tovuti siku ya kujaza. Msinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya majibu, kwani ofisa hahitaji tiketi iliyolipwa, na mpango wa tarehe unatosha. Kipimo cha kifua kikuu huhitajika kwa wanaokwenda zaidi ya miezi sita, kwa hiyo wewe hakikuhusu.

Bima ya safari haimo katika masharti ya visa hii, lakini mimi ningeikata. Mgeni akilazwa hospitali ya serikali kule anaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida, na deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa kwa miezi miwili linaweza kuwa sababu ya kunyimwa visa nyingine baadaye. Kama unatumia dawa za presha au sukari, beba za kutosha wiki saba pamoja na cheti cha daktari.

Visa ikikataliwa, hakuna rufaa ya kawaida kwa wageni. Utapewa barua inayotaja vifungu, na njia iliyopo kwa wengi ni kuomba upya kwa ada mpya. Soma barua hiyo neno kwa neno: ikitaja V 4.2(a) shaka iko kwenye kurudi kwako, na huko barua mpya ya binti haitasaidia, inahitajika nguvu ya upande wa Chamwino. Ikitaja V 4.2(e) shaka iko kwenye fedha, na hapo ndipo hesabu ya nyumba yao irudiwe kwa ushahidi zaidi. Kutuma tena nyaraka zilezile kwa matumaini ya kupata ofisa mwingine ni kutupa fedha, na kila maombi yanayofuata yatakutaka utaje kwamba uliwahi kukataliwa.

Yapo mazingira ambayo nisingependa mfanye peke yenu kwa kufuata maandishi haya. La kwanza ni majina kutofautiana. Ikiwa cheti cha kuzaliwa cha binti kina jina lako moja na pasipoti yako ina lingine, au kitambulisho cha NIDA kina herufi tofauti, mwone wakili hapa Dodoma kabla ya kujaza fomu; huenda ukahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hapa muhuri wa wakili una kazi ya kweli. Vivyo hivyo kama cheti cha binti kilipatikana miaka mingi baada ya kuzaliwa kwake: tafuta cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au rekodi ya shule ya msingi ili visimame pamoja nacho. La pili ni hali ya binti. Ikiwa visa yake inakwisha karibu na tarehe za ziara, ikiwa amebadilisha mwajiri, au ikiwa aliwahi kuvunja masharti, atafute ushauri huko huko kwa mtu aliyesajiliwa na mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji, inayosomeka mtandaoni kama Immigration Advice Authority, ambayo kabla ya Januari 2025 ilijulikana kwa jina la OISC. Majina ya waliosajiliwa yanaweza kutafutwa kwenye tovuti yake. La tatu ni kama uliwahi kunyimwa visa ya nchi yoyote, au kuna mtu aliwahi kukuombea visa kwa nyaraka ambazo hukuziona. Nenda kwa wakili na kila karatasi uliyonayo, hata zile unazoona aibu kuzionyesha.